Ng'ombe ya babu

Hadithi fupi ya kule Walungu.

Mjukuu alipanda toka Bukavu na simu mkononi. "Babu, mahari nitaituma kwa simu, bei ya ng'ombe mbili."

"Simu inazaa ndama?" babu akauliza. "Ng'ombe ikipita njiani, kijiji kizima kinaiona. Hao ndio mashahidi. Ukifa, nani atasema huyu alikuwa mke wako?"

"Karatasi ya etasivili. Pale wanaandika mahari pia."

"Karatasi inaungua."

"Na mashahidi wanakufa, babu. Mama yangu mlimtolea ng'ombe nne, watu wote wakiona. Baba alipokufa, ndugu zake walimnyang'anya shamba. Nani alisema neno?"

Babu akanyamaza. Sisi tuliokuwa tunacheka tukaacha.

Sheria ya familia ya 1987 inataka vyote viwili: mahari kwa wazazi wa binti, na ndoa iandikwe.

Jioni babu akaagiza ng'ombe moja iende kwa miguu, nyingine kwa simu. "Na siku ya kuandika mnipeleke. Nataka kuona kama wanaandika na rangi yake."