Tajeni siku homa ilipoanza

Mwandishi, mpangilio wa dalili umeueleza vizuri, ila umeacha safari. Mdogo wangu alirudi hapa Kwa Vonza akitoka Mombasa, akaugua, nami nikamwandikia daktari wa kliniki hivi: “Habari daktari. Mdogo wangu alifika Alhamisi akitoka Mombasa. Jumapili jioni homa ilipanda ghafla, na usiku huohuo vifundo vya mikono na miguu vikaanza kuuma, kulia na kushoto. Jumatatu kipimo hakikuonyesha malaria. Jumatano vipele vyekundu vilitokea kifuani na mikononi. Ijumaa homa ilishuka. Leo Jumapili vipele vimefifia, lakini viungo bado vimekaza, hasa asubuhi. Hatapiki wala hatoki damu. Amemeza parasetamoli tu.” Daktari alishuku chikungunya, ugonjwa wa mbu uliozuka Lamu mwaka 2004 na Mombasa mwishoni mwa 2017. Siku ya kwanza ya homa ndiyo inayoamua kipimo: mwanzoni hutafutwa kirusi chenyewe kwenye damu, na wiki ikishapita hutafutwa kingamwili. Na wewe ndugu uliyeandika hapo juu kwamba ungempa diklofenaki, subiri kwanza dengi iondolewe, kwa sababu inafanana sana na chikungunya na dawa hiyo huongeza hatari ya kuvuja damu. Msidanganywe na homa kushuka pia. Kwa dengi, huo ndio wakati wa kuangalia maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo au fizi kutoka damu. Ukiona hivyo usiandike ujumbe, mpeleke hospitali.