POMBE YA JANA NA KAZI YA LEO



Katika toleo hili twataka kusema juu ya jambo moja ambalo watu huliona dogo, nalo si dogo. Hatusemi juu ya mtu anayekuja kazini amelewa. Huyo kila mtu amwona, na gadi hatakubali apande injini. Twasema juu ya mtu aliyekunywa jana jioni, akalala, akaoga, akavaa koti lake safi, akafika kwa wakati, naye mwenyewe aamini moyoni kwamba pombe imekwisha. Huyu ndiye anayetutia hofu, kwa sababu hakuna anayemzuia, wala yeye hajizuii.

Sisi wa upande huu wa Mlima Kenya twajua jinsi jambo hili linavyokuja. Mwezi wa saba Nyeri ni baridi, ukungu umelala juu ya reli toka Kiganjo mpaka Nanyuki, na mtu atokapo kazini jioni husema, “Twende tukapashe moto mwili.” Anayeendesha matatu ya Karatina kwenda Nairobi ataamka saa kumi alfajiri. Anayeshika msumeno wa mbao, au anayesimama kwenye mashine za kiwanda cha chai, naye ataanza kazi kabla jua halijapanda. Katika kazi hizi zote usiku ni mfupi, na hapo ndipo hesabu inapotudanganya.

Basi tufanye hesabu yenyewe. Chupa moja ya bia ya mililita 500, yenye nguvu ya asilimia 4.2, ina mililita 21 za kileo kitupu. Ini ndilo linalokiondoa, tena kwa mwendo wake lenyewe. Halikimbizwi kama farasi. Mtu mzima wa kilo 70 huhitaji saa mbili na zaidi kidogo kuimaliza chupa moja. Wengine hukimaliza kileo upesi kuliko hapo, wengine polepole zaidi. Na mwanamke, au mtu mwenye mwili mdogo, kwa kawaida huhitaji muda mrefu zaidi kwa chupa ile ile.

Tuchukue mfano wa dereva mmoja, ambaye anaweza kuwa yeyote kati yetu. Ameanza kunywa saa moja jioni, akanywa chupa sita polepole pamoja na nyama, akaacha saa tano usiku. Hakuanguka, hakugombana na mtu, alikwenda nyumbani kwa miguu yake. Saa kumi na moja alfajiri yuko kazini. Yeye ahesabu hivi: “Nimeacha kunywa saa sita zilizopita, nami nimelala.” Lakini ini lahesabu vingine. Tangu chupa ya kwanza zimepita saa kumi, na katika saa kumi limemaliza chupa nne na kitu. Zimebaki karibu chupa mbili damuni. Ni kana kwamba mtu yule amesimama mlangoni pa baa alfajiri ile, akanywa chupa mbili kasoro kidogo, kisha akapanda kazini. Damu yake itakuwa safi kabisa mnamo saa tatu asubuhi, wakati ambapo amekwisha endesha saa nyingi na abiria wake wamekwisha shuka.

Na hesabu hiyo ni ya bia ya chupa, ambayo nguvu yake imeandikwa kwenye karatasi. Chang'aa haina karatasi. Muratina ya mpishi mmoja si sawa na ya jirani yake, wala ya wiki hii si sawa na ya wiki jana. Mtu aliyekunywa vikombe vitatu hivyo hana cha kuhesabia, na asiyeweza kuhesabu asijidai kwamba amemaliza.

Sasa wako watakaosema, “Vema, nitangoja mpaka saa tatu, kisha niko sawa.” Hapa ndipo liko jambo la pili, nalo ndilo wengi hawalijui. Hata baada ya kileo kutoka damuni chote, kazi ya akili haijarudi yote. Mwaka 1986 huko Marekani wataalamu waliwajaribu marubani kumi wa jeshi la majini kwa mashine ya kuigiza urushaji wa ndege. Waliwanywesha mpaka kiasi cha kulewa, kisha wakawajaribu saa kumi na nne baadaye, wakati pombe imekwisha tokana nao. Walirusha vibaya kuliko siku ambayo hawakunywa. Hao walikuwa watu kumi tu, na jaribio moja haliamui yote. Lakini mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, waliyakusanya majaribio mengi yaliyofanywa na watu mbalimbali juu ya asubuhi ya baada ya pombe. Wakaona kwamba mambo yanayodhoofika ni kukaza mawazo kwa muda mrefu, kukumbuka, na kuendesha gari.

Kwa nini iwe hivyo? Sababu ya kwanza ni usingizi. Pombe hukulaza upesi, ndiyo maana watu huisifu. Lakini nusu ya pili ya usiku huuvunja usingizi vipande vipande, na ule usingizi wa kuota ndoto hupungua. Mtu huamka akidhani amelala saa tano, kumbe amepumzika kwa kipimo cha chache. Nasi twajua usingizi ukipungua huwa nini. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa kumi na saba mfululizo hufanya kazi ya mkono na jicho kama mtu mwenye miligramu 50 za kileo katika kila mililita 100 za damu. Basi anayekunywa usiku na kulala kidogo huchukua mizigo miwili asubuhi: mabaki ya pombe na deni la usingizi.

Sababu ya pili ni maji na chakula. Pombe huufanya mwili umwage maji kwa mkojo, ndiyo maana kichwa chauma na mdomo umekauka. Tena ini, wakati lashughulika na kileo, haliwezi kutengeneza sukari mpya ya damu kama kawaida. Aliyekunywa bila kula, akaja kazini bila chai, huenda akatetemeka mikono na kuona kizunguzungu ghafla, hasa kazi ikiwa ya nguvu.

Mtazame sasa mtu huyo kazini. Haharibu kila kitu, na hiyo ndiyo hatari yake. Kazi aliyoizoea aifanya, na wenziwe wasema yuko salama. Kinachomshinda ni kile kisichotazamiwa: ng'ombe kwenye kivuko, ishara iliyobadilika, mtoto anayevuka, kigogo chenye msumari ndani. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika kila nukta moja ya saa. Dereva akichelewa nusu nukta tu kukanyaga breki, gari limekwenda mita 11 bure, yaani karibu urefu wa basi kubwa. Kwenye kona za njia ya Karatina kwenda Sagana, mita 11 ni nyingi mno. Na kwenye msumeno wa duara haziko mita, upo urefu wa kidole.

Twamkumbuka mwenzetu mmoja, ambaye jina lake halina kazi hapa, aliyekuwa akiunganisha mabehewa asubuhi moja. Alikuwa mtu hodari wa miaka mingi. Alitoa ishara ya kusogea kabla hajatoka katikati. Mwenziwe aliona akapiga ukelele, injini ikasimama, na hakuna aliyeumia. Tulipomwuliza, alijibu, “Nilidhani nimekwisha toka.” Hakunusa pombe wala hakupepesuka. Jana yake ilikuwa arusi.

Twaonya pia juu ya dawa zisizo dawa. Kahawa yetu ya Nyeri ni njema na humwamsha mtu, lakini hailiharakishi ini hata kidogo. Humfanya mlevi awe mlevi aliye macho. Maji ya baridi ni vile vile. Supu ya mifupa huleta maji na chumvi tumboni, lakini haiondoi kileo. Na kile wanachokiita kutoa loki, yaani kunywa tena asubuhi ili kichwa kitulie, ni kuongeza deni juu ya deni. Maumivu yanafichwa, hatari inabaki. Dawa ni saa, na usingizi, na maji, basi.

Sasa twaja kwenye haki na sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 44, yamruhusu mwajiri kumfukuza mara moja mfanya kazi aliyelewa saa za kazi hata asiweze kuitenda kazi yake vizuri. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo yampasa kila mfanya kazi kujilinda na kuwalinda wenziwe. Hatupingi hayo. Lakini twauliza: mtu akiamka asubuhi akajiona hafai, aseme wapi? Akisema kweli, aogopa kupoteza siku au kupoteza kazi. Basi hunyamaza, hupanda, huomba Mungu. Hivyo hofu ya kufukuzwa ndiyo inayomweka kwenye usukani.

Shirika la Kazi la Dunia lilitoa mwongozo mwaka 1996 juu ya pombe kazini, nao wasema shida ya pombe itazamwe kama shida ya afya, mtu asaidiwe kabla ya kuadhibiwa. Kwa msingi huo twaomba jambo moja tu kwa waajiri: mtu atakayesema mwenyewe, kabla hajagusa mashine, “Leo sifai,” aondolewe kwenye injini, usukani au msumeno siku hiyo, apewe kazi nyingine au arudi nyumbani bila mshahara wa siku, na asifukuzwe kwa kusema kweli. Akirudia rudia, hapo apelekwe kwa tabibu. Atakayeficha, hatutamtetea kwa ile ajali.

Na kwetu sisi wenyewe twapendekeza kanuni hii ya kukumbuka. Anza kuhesabu toka chupa ya kwanza, weka saa mbili na nusu kwa kila chupa, kisha ongeza usiku mmoja wa usingizi mzima. Ikiwa hesabu haifiki kabla ya zamu, usinywe chupa hiyo, au badilishana zamu na mwenzio mapema. Kwa kinywaji kisicho na kipimo, usikinywe kabisa siku iliyo mbele ya kazi ya mashine.

Jambo hili litajadiliwa katika mkutano wa tawi. Kila mwanachama aje na maoni yake.