Tamko kuhusu siku za maombolezo ya kitaifa, bendera nusu mlingoti na ujira wa mfanyakazi

Sisi, viongozi na wanachama wa chama cha wafanyakazi wa viwanda na maduka nchini Kenya, baada ya kupokea malalamiko ya wanachama na kuyajadili katika kikao halali, tunautangazia umma, waajiri na Serikali kama ifuatavyo.

1. Kila taifa linapofikwa na msiba mkubwa, swali lile lile huulizwa kwenye malango ya viwanda: bendera imeshushwa, je, leo ni kazi au si kazi? Chama kinajibu bila kusita. Bendera nusu mlingoti ni ishara ya majonzi ya nchi, na mfanyakazi huishiriki akiwa kazini kwake. Kuteremka kwa bendera peke yake hakumpi mtu ruhusa ya kukaa nyumbani, wala hakumpi mwajiri ruhusa ya kufunga lango na kumkata mfanyakazi ujira wa siku hiyo.

2. Maombolezo na mapumziko hutangazwa kwa njia mbili tofauti. Maombolezo hutangazwa na Rais, na tangazo lake hueleza bendera zitapepea nusu mlingoti kwa muda gani na katika majengo gani, yakiwemo ofisi za balozi zetu ng'ambo. Siku ya mapumziko hutokana na Sheria ya Sikukuu za Umma, Sura ya 110, na huwa halali Waziri mhusika anapoitangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali. Tangazo la kwanza linaweza kutoka bila la pili, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa.

3. Mifano haiko mbali. Aprili 2024, Mkuu wa Majeshi Jenerali Francis Ogolla alipofariki katika ajali ya helikopta, nchi iliomboleza siku 3 na kazi ziliendelea. Rais mstaafu Daniel arap Moi alipofariki tarehe 4 Februari 2020, bendera zilishushwa hadi siku ya mazishi, lakini siku ya mapumziko ilikuwa moja tu, tarehe 11 Februari, siku ya ibada ya kitaifa katika uwanja wa Nyayo. Kesho yake, wakati mzee akizikwa Kabarak, mitambo ilikuwa inanguruma. Mwai Kibaki naye alipoagwa Aprili 2022, mapumziko yalikuwa Ijumaa tarehe 29, siku ya ibada ya kitaifa, ilhali mazishi ya Othaya yalifanyika Jumamosi. Anayehesabu mapumziko kwa kutazama mlingoti, au hata kwa kutazama kaburi, atakosea hesabu.

4. Kwa haki, chama kinaanza na watu wake. Wapo wanachama waliobaki nyumbani siku ambazo hazikutangazwa kuwa za mapumziko, kisha wakaja ofisini kwetu kutaka tuwatetee dhidi ya barua za onyo. Hatukuwatetea, na hatutawatetea. Anayetaka kwenda kumzika kiongozi wake siku ya kazi na aombe ruhusa mapema, kama anavyoomba anapofiwa nyumbani.

5. Ila kosa zito zaidi tumeliona upande wa pili. Wapo waajiri wanaofunga maduka kwa hiari yao katika siku ya maombolezo isiyo ya mapumziko, labda kwa heshima, labda kwa kuwa wateja wote wako barabarani wakiusubiri msafara, kisha mwisho wa mwezi wanaiandika siku hiyo kuwa likizo ya mwaka ya mfanyakazi au siku asiyolipwa. Mfanyakazi alikuwa tayari kufanya kazi. Aliyefunga mlango ni mwajiri, na gharama ya heshima yake aibebe mwenyewe.

6. Siku ikishatangazwa kuwa ya mapumziko, hesabu hubadilika. Chini ya Amri ya Jumla ya Mishahara, saa za ziada katika siku ya umma ya mapumziko hulipwa mara mbili ya kiwango cha kawaida, na kwa anayelipwa kwa mwezi, kiwango cha saa moja hakiwi chini ya sehemu moja ya 225 ya mshahara wa msingi. Tuchukue mshahara wa shilingi 27,000. Ukigawanywa kwa 225, saa moja ni shilingi 120. Saa 8 za siku ya kawaida ni shilingi 960. Saa 8 za siku iliyotangazwa ni shilingi 1,920. Pale ambapo amri ya sekta au makubaliano ya pamoja yanatoa zaidi, hayo ndiyo yafuatwe. Mlinzi aliyekesha langoni siku ya ibada ya Kibaki hakuwa akitoa mchango wa rambirambi. Alikuwa kazini, katika siku ambayo sheria ilikuwa imeipandisha bei.

7. Linalotuumiza kuliko yote ni la vibarua. Kwa anayelipwa jioni kwa kazi ya mchana, siku ya mapumziko inayotangazwa ghafla humfikia kama siku ya njaa. Tena tumepata taarifa za wasimamizi wanaoitumia siku hiyo kukata mfululizo wa siku za kibarua, ili asifikishe mwezi mmoja ambao Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinautaja, yaani mwezi ambao akiutimiza, ajira yake huhesabiwa kuwa ya mkataba wa kulipwa kwa mwezi. Hila hiyo haina msingi. Kifungu hicho hicho kinasema kwamba siku ya kupumzika na siku yoyote ya umma ya mapumziko inayoangukia katikati huhesabiwa ndani ya siku za kazi zinazofuatana. Kibarua aliyekuwa amefikisha siku 20 kabla ya ibada ya kitaifa, kesho yake anaendelea na hesabu ile ile. Harudi kwenye siku ya kwanza.

8. Kuhusu muda wa tangazo, chama kinaielekea Serikali kwa heshima. Raila Odinga alifariki Jumatano tarehe 15 Oktoba 2025, na Ijumaa tarehe 17 ikawa siku ya mapumziko. Msiba hauna kalenda, na hatumlaumu yeyote kwa haraka ya siku zile. Hata hivyo, kiwandani zamu za usiku huwa zimepangwa mapema, na tangazo la kuchelewa humkuta mfanyakazi ameshaingia kazini, huku msimamizi akidai kuwa hajaona karatasi yoyote. Tunaiomba Serikali kila tangazo la maombolezo liseme wazi, kwa sentensi moja, kama kuna siku ya mapumziko au hakuna, na kama ipo, ni ipi na inaanza saa ngapi kwa walio zamu ya usiku.

9. Kwa hiyo chama kimeazimia kwamba kila tawi litunze nakala ya ratiba ya zamu ya kila siku ya mapumziko itakayotangazwa kwa ajili ya maombolezo, pamoja na orodha ya vibarua waliokuwapo siku iliyotangulia na siku iliyofuata. Mwanachama ambaye hati yake ya mshahara haitaonyesha malipo ya siku hiyo atamwandikia mwajiri kupitia tawi. Asipojibiwa, shauri litapelekwa kwa afisa wa kazi wa kaunti, likiwa limeambatanishwa na ratiba hiyo na nakala ya Gazeti Rasmi.