Insha ya Sayansi Ianze Vipi?

Insha nyingi za sayansi nizisomazo huanza kwa swali, hata pale ambapo swali halifai. Yako pia mianzo ya dai, ya takwimu na ya kisa. Kwa maoni yangu, mwanzo hauchaguliwi kwa utamu wake, bali kwa yale ambayo insha yenyewe itaweza kuyathibitisha.

Natuchukue mada moja. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, Tanganyika, alitia maziwa ya moto katika friji ili apate aiskrimu. Yaliganda kabla ya maziwa ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alimwambia kuwa amechanganyikiwa. Baadaye alimwuliza Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, naye akalifanyia jaribio. Mwaka 1969 walichapisha maelezo yao.

Mwandishi aweza kuanza kwa dai: "Maji ya moto huganda upesi kuliko ya baridi." Lavutia, lakini mwaka 2016 Burridge na Linden, huko Uingereza, walipima tena wasione ushahidi wa kutosha, walionyesha kuwa kusogeza kipimajoto sentimita moja tu kwaweza kugeuza matokeo. Mwenye dai hilo atalazimika kulikana katika ukurasa wa pili. Dai lafaa pale ushahidi usipotikisika, kama vile "Nyangumi si samaki."

Takwimu nazo hufaa pale ukubwa wenyewe ndio habari. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita zipatazo 1,470, na Ziwa Viktoria mita 80 hivi. Tarakimu hizo mbili zikiwekwa pamoja, msomaji hutaka mwenyewe kujua sababu. Katika mada ya Mpemba hakuna tarakimu moja yenye nguvu hiyo.

Je, swali? Hapa pana mtego. Anayeuliza "Kwa nini maji ya moto huganda upesi?" amekwisha kudai kwamba huganda upesi, dai limevaa vazi la swali. Aulize kwanza: "Je, yaweza kuganda upesi?"

Mimi ningechagua kisa. Aliyoyaona Mpemba aliyaona, na vipimo vya mwaka 2016 havikufuta kwamba aliyaona; vilitilia shaka kama jambo hilo hutokea kweli. Hata hivyo kisa kisizidi sentensi nne, na kikomee penye shaka, yaani pale mwalimu alipokataa. Kikiendelea hadi maisha yote ya Mpemba, insha itakuwa ya wasifu, si ya fizikia.

Mwanafunzi ajipime hivi: amalize insha, kisha asome aya ya kwanza na ya mwisho tu. Ikiwa ya mwisho haijibu, haithibitishi wala hairejei ile ya kwanza, basi abadili mwanzo. Asiongeze maneno katikati.