Acheni Kusingizia Printa: Hiyo Tope Mumeichanganya Wenyewe

Nitasema hili leo na mtakaoudhika mtaudhika: nusu ya posta za mechi zinazozunguka kwenye stetasi zenu hapa Mombasa zina tope katikati. Nyekundu upande huu, kijani upande ule, halafu pale zinapokutana pana kitu cha kahawia-kijani, kama tope la Makupa maji yakikupwa. Sisi watu wa Kibarani tope twalijua vizuri. Hatulihitaji kwenye posta.

Na mkiulizwa, jibu ni lile lile. "Printa mbaya." "Simu yako ina skrini mbovu." Au lile linaloniudhi zaidi: "Nyekundu na kijani hazipatani, bana, hiyo ni sheria ya rangi." Sheria gani? Chukua tochi mbili, moja nyekundu moja kijani, zimulike ukuta mweupe mahali pamoja. Utaona njano, hakuna tope. Mwanga hauna shida. Shida ni hesabu.

Nakiri, hata mimi nilikuwa hivyo. Nilitengeneza posta ya timu ya mtaani, nyekundu ikififia hadi kijani, nikaipeleka saiba kuprinti. Ilipotoka chafu nikamfokea mwenye saiba mbele ya wateja. Yule baba akanigeuzia laptop yangu mwenyewe akasema, "Kijana, hebu tazama, tope liko humu." Na kweli lilikuwa humu. Niliomba radhi, nikaenda nyumbani kutafuta sababu.

Sababu ni hii. Kila pikseli ina namba tatu, nyekundu, kijani na buluu, kuanzia 0 hadi 255. Sote tunadhani 128 ni nusu ya mwanga wa 255. Sivyo kabisa! Namba hizo zimepangwa kwa kanuni inayoitwa sRGB, iliyopendekezwa na kampuni za HP na Microsoft mwaka 1996, na ndani yake namba na mwanga haziendi sambamba. Ukiandika 128, skrini inatoa asilimia 22 hivi tu ya mwanga wake. Ukitaka nusu kamili ya mwanga, lazima uandike 188.

Si kwamba waliokotesha tu. Jicho letu linatambua tofauti ndogo kwenye giza kuliko kwenye mwangaza, kwa hivyo namba nyingi zimetengewa sehemu za giza ili vivuli visitoke vipande vipande. Pia skrini za zamani za kioo kinene zilikuwa zinafanya kazi karibu hivyo hivyo. Kwa kuhifadhi picha, mpango huu ni mzuri sana. Kwa kufanyia hesabu, ni mtego.

Sasa turudi kwenye posta yangu. Nyekundu ni (255, 0, 0), kijani ni (0, 255, 0). Programu ilijumlisha namba ikagawanya kwa mbili, ikapata (128, 128, 0). Kwa karatasi ni sawa. Lakini kwa mwanga, pale katikati palifaa pawe na nusu ya nyekundu na nusu ya kijani, na badala yake nimepewa asilimia 22 ya kila moja. Yaani zaidi ya nusu ya mwanga uliostahili kuwepo umepotea njiani. Njano ikiwa na giza hivyo, jicho haliiiti njano tena. Linaiita tope.

Njia sahihi ina hatua tatu. Kwanza geuza namba ziwe mwanga halisi: 255 inakuwa 1, na 0 inabaki 0. Pili tafuta wastani hapo, unapata 0.5. Tatu rudisha kwenye sRGB, unapata (188, 188, 0). Hiyo ni njano, na ile michirizi ya kiza katikati ya posta inatoweka.

Kuna watakaosema, "Hizo ni namba tu, mimi naamini macho." Haya, tuamini macho. Tengeneza mraba wenye mistari myembamba, pikseli moja nyeusi, pikseli moja nyeupe, mpaka ujae. Pembeni yake weka miraba miwili ya kijivu, mmoja 128 na mwingine 188. Itazame kwa ukubwa wa asilimia 100, usivute wala kupunguza, halafu rudi nyuma hatua kadhaa mpaka mistari ipotee. Kwenye skrini ya kompyuta iliyopangwa vizuri, mistari itafanana na 188, na 128 itaonekana kiza waziwazi. Ni kama kikoi: karibu unaona nyuzi mbili, mbali unaona rangi moja, na rangi hiyo imechanganywa na mwanga wenyewe.

Jinsi ya kugundua kosa kwenye kazi yako ni rahisi. Tazama mahali ambapo rangi mbili kali na tofauti zinakutana: nyekundu na kijani, nyekundu na buluu bahari. Ukiona mstari wa kiza kuliko rangi zote mbili, umepatikana. Ukichanganya buluu mbili zinazokaribiana, kosa ni dogo sana hutaliona, na ndiyo maana wengi wanaishi nalo miaka bila kujua.

Kurekebisha hakuhitaji pesa. Kwenye Photoshop, ukichora mfifio wa rangi tazama kisanduku cha Method, utoe Classic uweke Linear. Kwa leya, ingia Color Settings, fungua More Options, utie alama kwenye Blend RGB Colors Using Gamma iwe 1.00. Anayetengeneza tovuti aandike hivi:

```
background: linear-gradient(to right in srgb-linear, red, lime);
```

Ni lime, si green, manake kwenye CSS green ni (0, 128, 0), na sasa unajua 128 ina kiza kiasi gani.

Nisiwadanganye lakini, mwanga halisi si dawa ya kila kitu. Mfifio kutoka nyeusi hadi nyeupe ukiupitisha humo, giza linaisha haraka mno na sehemu kubwa inabaki nyeupe-nyeupe. Hapo unataka hatua zinazolingana kwa jicho, na kuna mpango uliotengenezwa kwa kazi hiyo: Oklab, wa Björn Ottosson, wa mwaka 2020. Kwenye ule mstari wa juu weka oklab badala ya srgb-linear. Kwa ufupi, ukiiga mwanga unaochanganyika, kama ukungu wa taa za matatu usiku au kupunguza picha, tumia mwanga halisi. Ukitaka mfifio laini wa mapambo, jaribu Oklab. Na usihifadhi kazi ya mwanga halisi kwa biti 8, vivuli vitakatika mistari mistari. Tumia biti 16 au 32, kisha urudi sRGB mwishoni.

Kuna anayependa tope, na hiyo ni haki yake. Lakini alichague akijua. Asiachiwe na programu halafu aje kuliita staili, na yule baba wa saiba ndiye anatukanwa.

Fungua posta yako ya mwisho sasa hivi, tazama katikati. Ukikuta kiza, njoo uombe radhi hapa chini kwenye komenti. Mimi nilishaomba yangu.