Tano kwa mia kwa wiki: tuulize kwanza jumla ya kulipa

Katika masoko yetu ya Goma, wachuruzi wengi wanajua kwa kichwa bei ya gunia la maharagi yanayotoka Minova, na wanajua kama imepanda tangu jana. Lakini ukimuuliza mmoja wao feza aliyokopa itamgharimu ngapi hadi mwisho, mara nyingi atakujibu kwa neno moja: "tano kwa mia". Neno hilo si jibu. Ni mwanzo tu wa hesabu, na mkopeshaji anafurahi likiishia hapo.

Tangu banki za Goma zilipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa M23, mkopeshaji wa mtaa, yule tunayemuita banki lamberi, amezidi kuwa kimbilio. Anatoa feza siku ileile, haombi karatasi nyingi, na anapanga malipo kwa wiki. Sina haja ya kumuita mwizi. Feza yake iko hatarini: mdeni anaweza kuhama, bidhaa zinaweza kuporwa njiani. Tatizo langu ni namna bei ya mkopo huo inavyotajwa.

Tufanye hesabu. Mama mchuruzi wa soko la Kituku anakopa dola 200 kwa wiki 8. Riba ni tano kwa mia kila wiki, juu ya feza iliyokopwa. Tano kwa mia ya 200 ni dola 10. Kwa wiki 8 riba inakuwa dola 80. Jumla ya kulipa ni dola 280, yaani dola 35 kila wiki. Tayari tuko mbali na "tano": kwa miezi isiyofika miwili, mama amelipa arobaini kwa mia juu ya alichopokea.

Lakini kitu kikubwa kimejificha katika maneno "juu ya feza iliyokopwa". Katika kila dola 35 anazoleta, dola 25 zinapunguza deni lenyewe na dola 10 ni riba. Wiki ya pili hadaiwi tena 200, anadaiwa 175. Wiki ya tano anadaiwa 100. Wiki ya nane amebaki na dola 25 tu za mkopeshaji. Hata hivyo riba haishuki, bado ni dola 10, kama vile 200 zote zingali mkononi mwake. Wiki hiyo ya mwisho analipa dola 10 kwa kutumia dola 25. Hiyo ni arobaini kwa mia kwa siku saba.

Kama riba ileile ya tano kwa mia ingehesabiwa juu ya deni linalobaki, wiki ya kwanza angelipa dola 10, ya pili 8.75, ya tano 5, na ya mwisho 1.25. Ukijumlisha wiki zote nane unapata dola 45, si 80. Asilimia ni moja, muda ni mmoja, na bado kuna tofauti ya dola 35. Mtu anayelinganisha wakopeshaji wawili kwa asilimia peke yake anaweza kumkimbia yule wa sita kwa mia juu ya deni linalobaki, ambaye angemtoza riba ya dola 54, akaenda kwa huyu wa tano anayemtoza 80. Ndiyo maana nasema swali la kwanza lisiwe "asilimia ngapi?" bali "nitakulipa jumla ngapi, yote pamoja?"

Jumla hiyo ndiyo pia inayoonyesha kama biashara itaubeba mkopo. Tuseme mama huyu, baada ya kulipa mtumbwi, mbeba mizigo na kodi ya soko, anabaki na faida ya dola 45 kwa wiki. Akitoa 35, nyumbani zinaingia 10. Ni maisha magumu, lakini mwisho wa wiki 8 mtaji wa 200 ni wake. Sasa tuseme faida ni dola 30. Kila wiki anatoa dola 5 ndani ya mtaji, hata kabla ya kununua unga. Mtaji ukipungua, faida nayo inapungua, na wiki inayofuata anatoa zaidi. Dalili inaonekana mapema: wiki ya tatu analipa vizuri, mkopeshaji anamsifu, lakini maharagi anayonunua ni machache kuliko yale ya wiki ya kwanza. Hapo mkopo unajilipa kwa kula biashara.

Kuna mambo mengine mawili ya kuuliza kabla ya kutia sahihi. La kwanza ni makato ya mwanzo. Mkopeshaji akikata dola 10 za karatasi, mama anaondoka na 190 lakini analipa 280. Gharama yake si 80 tena, ni 90. La pili ni kulipa mapema. Mwisho wa wiki ya nne, mama amekwisha leta dola 140. Akipata feza siku hiyo na kutaka kumaliza, deni lenyewe lililobaki ni dola 100. Mkopeshaji mmoja atapokea hizo 100 na kufuta jina lake. Mwingine atadai 140, pamoja na riba ya wiki nne ambazo bado hazijafika. Dola 40 zinategemea sentensi moja ambayo, mara nyingi, haijaandikwa popote.

Najua watu watasema: mwenye shida hachagui. Ni kweli, na ndiyo sababu simuachii mzigo huu mama peke yake. Sheria ya Septemba 2011 juu ya mikopo midogo inataka mashirika ya kazi hiyo yawe na ruhusa ya Banki Kuu ya Kongo. Mkopeshaji wa mtaa hana ruhusa hiyo, na kungoja mkaguzi afike Kituku ni kujidanganya. Lakini kila soko lina kamati yake, na kamati hizo zinasikilizwa. Mara nyingi mdeni akishindwa, kesi inafika kwao kwanza.

Kamati ziweke kanuni moja: kesi ya deni isisikilizwe kama daftari la mkopeshaji halina feza iliyotolewa mkononi, jumla ya kulipa, tarehe ya mwisho, na kiasi cha kulipa kama mdeni anamaliza mapema. Mistari minne tu. Mkopeshaji mwenye nia njema hatapoteza kitu. Yule anayekataa kuandika jumla amekwisha jibu kwa nini anapenda kusema "tano kwa mia".

Na wachuruzi walio ndani ya vikundi vya akiba, vile vya AVEC, wapeleke hesabu hii kwenye kikao chao. Huko, kwa kawaida, riba inatajwa kwa mwezi, na mwisho wa mzunguko inagawanywa kati ya wanachama wenyewe. Dola 80 za mama wa Kituku zingebaki ndani ya kikundi chake, na sehemu yake ingemrudia.