Nafasi Mbili, Barua Ngapi?
Dada mmoja wa Umoja, Nairobi, ana diploma ya uhasibu na amewahi kusaidia dukani kwa mjomba wake. Kampuni moja inataka karani wa hesabu na karani wa stoo. Je, aombe zote kwa baruapepe moja?

Omba zote, dada, kwani kazi hizo ni jirani. Lakini tuma baruapepe mbili, kila moja na nambari ya tangazo lake kichwani. Maombi hupangwa kwa nambari hizo. Yenye mbili huenda yakaishia faili moja tu. Ya stoo itangulize ulivyohesabu mali dukani. Mwishoni sema wazi umeomba nyingine pia. Ingekuwa karani na dereva, ningekwambia uchague moja.